Sura ya Sita: Deni la Kisarawe

Risiti ilitoka, ankara haikutoka. Hivyo ndivyo Jumatatu ile ilivyoanza kwenye kaunta yetu ya Kibaha. Karani aliandika mauzo ya mifuko 200 ya saruji na kubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Mashine ya EFD ikatema karatasi yake kama kawaida, kisha skrini ikamwambia kwamba mauzo hayakuhifadhiwa. Alipojaribu tena, hata bei ya saruji haikuonekana. Nje, vijana wa kupakia walikuwa wameshamaliza kazi na Fuso ilikuwa ikinguruma getini. Mlinzi wa ghala hakutaka kuona risiti. Alitaka hati ya kutolea mzigo, na hati hiyo huchapwa na programu ya ankara.

"Dogo," dereva aliniambia nilipofika, "nyinyi siku hizi mnauza saruji au mnauza foleni?"

Kampuni ni ndogo: duka na ghala la vifaa vya ujenzi Maili Moja, na tawi moja Kisarawe. Seva iko Kibaha. Kaunta ya Kisarawe huingia kwenye seva hiyo kwa intaneti, kwa hiyo kilichosimama huku kilisimama na kule. Siku hiyo kilisimama kwa saa tatu na dakika 33, na mimi ndiye ninayeisimamia seva hiyo.

Jioni niliandika ripoti ya tukio. Ningeweza kuimaliza kwa maneno mawili, diski ilijaa, na mkurugenzi angeridhika. Lakini kusema programu imesimama kwa sababu diski imejaa ni kama kusema gari limesimama kwa sababu haliendi. Diski haijijazi. Kuna kitu kilichokuwa kinaijaza, kuna siku kilipoanza, na kuna mtu aliyepaswa kujua mapema. Ripoti isiyofika kwenye mambo hayo matatu itaandikwa upya baada ya miezi michache, na maneno yatakuwa yale yale.

Saa tatu zilizogombana

Kazi ya kwanza ya ripoti ni kupanga matukio kwa saa. Kwetu kazi hiyo ina mtego. Karani aliniambia tatizo lilianza "saa mbili na dakika saba". Saa ya kompyuta yake ilisema 08:07. Kumbukumbu za seva, ambayo niliiweka kwenye saa ya UTC siku nilipoifunga, zilisema 05:07. Zote tatu zilikuwa sahihi. Nilipokuwa nakusanya maelezo kwa simu kutoka Kisarawe, mtu aliniambia kwamba mambo yaliharibika "kama saa mbili hivi", na kwa dakika kadhaa nilitafuta kwenye mistari ya 02:00, ambako hakukuwa na kitu isipokuwa kazi ya usiku inayopiga hesabu za stoo. Tangu siku hiyo kila ripoti yangu inataja juu kabisa ni saa ipi inatumika. Hapa natumia saa za Kiswahili, zote za asubuhi.

Saa 2:07 programu ilisimama. Karani alidhani ni intaneti, akazima kompyuta yake na kuiwasha. Saa 2:25 alinipigia simu. Saa 2:50 nilifika ofisini. Saa 2:52 nikafanya kosa langu la kwanza: nilizima seva na kuiwasha bila kusoma chochote. Kuzima na kuwasha ni dawa ya mtu asiyejua anaumwa nini, na mara nyingine inaponya, ndiyo maana tunairudia. Safari hii iliniondolea dakika 13. Seva iliwaka na hifadhidata ikakataa kuamka. Saa 3:05 ndipo nilipofungua kumbukumbu na kusoma mstari uliokuwa ukinisubiri tangu saa 2:07:

```
PANIC:  could not write to file "pg_wal/xlogtemp.1873": No space left on device
```

Hifadhidata yetu ni PostgreSQL. Inapokosa nafasi ya kuandika daftari lake la kazi haiendelei kwa kubahatisha, bali hujizima. Inakera ukiwa na Fuso getini, lakini ni tabia njema. Hifadhidata inayoendelea kupokea mauzo bila uhakika wa kuyaandika ni hatari kuliko iliyolala.

Nikaangalia diski:

```
$ df -h /
Filesystem      Size  Used Avail Use% Mounted on
/dev/sda2       110G  105G     0 100% /
```

Msomaji makini ataona kuwa hesabu hii haifungi. Ukitoa 105 kwenye 110 zinabaki gigabaiti tano, lakini safu ya `Avail` inasema sifuri. Hakuna aliyeiba. Mfumo wa mafaili wa ext4, unapotengenezwa, hutenga asilimia tano ya diski kwa ajili ya mtumiaji mkuu peke yake, yule anayeitwa `root`. Watumiaji wengine wote, ikiwemo hifadhidata inayofanya kazi kwa jina la `postgres`, hawawezi kuigusa akiba hiyo. Imewekwa ili siku diski ikijaa msimamizi bado aweze kuingia na kufanya kazi. Nilikuwa nafanya kazi ndani ya akiba hiyo dakika ile ile. Baadaye kidogo ndiyo iliyotuokoa.

Daftari na leja

Nilipouliza ni folda gani iliyonenepa, jibu lilikuwa wazi. Data zenyewe, yaani wateja, bidhaa, bei na ankara za miaka yote, zilichukua gigabaiti 19. Folda iitwayo `pg_wal` ilichukua 47. Daftari lilikuwa limezidi leja mara mbili na nusu.

Mfano wa duka unasaidia hapa. Muuzaji mwenye shughuli nyingi haandiki kila uuzaji moja kwa moja kwenye leja kubwa. Ana daftari dogo la kaunta. Anaandika humo haraka, kisha baadaye anakaa na kuhamishia kwenye leja. Umeme ukikatika katikati ya kuhamisha, hakuna kilichopotea, kwa sababu atasoma daftari na kumalizia alipoishia. PostgreSQL hufanya hivyo hivyo. Kila badiliko huandikwa kwanza kwenye daftari la `pg_wal`, ambalo limegawanywa katika mafaili ya megabaiti 16 kila moja. Yaliyomo yakishahamishiwa kwenye leja, faili hufutwa au hutumiwa upya. Kwa kawaida daftari letu halizidi gigabaiti moja.

Siku ile kulikuwa na mafaili karibu 3,000. Kwa nini hayakufutwa?

Kwa sababu kuna leja ya pili. Mwaka mmoja kabla, niliweka mashine ndogo katika ofisi ya Kisarawe, ikiwa na nakala hai ya hifadhidata nzima. Wazo lilikuwa zuri: moto ukiwaka Kibaha, au mwizi akaja na kubeba seva, biashara itaendelea kutoka Kisarawe. Mashine ile husoma daftari la Kibaha kupitia intaneti, ukurasa kwa ukurasa, na kuandika yale yale kwenye leja yake. Lakini intaneti hukatika, na Kibaha ikifuta kurasa kabla Kisarawe haijazisoma, nakala inavunjika na lazima ianzwe upya. Ili hilo lisitokee, niliweka kwenye seva ya Kibaha alama inayosema: kuna mwenzako anayeitwa `kisarawe`, usichane ukurasa wowote ambao hajausoma. Skrini huiita alama hiyo `replication slot`. Mimi naiita deni. Kila ukurasa ambao Kisarawe haijausoma, Kibaha inadaiwa, na Kibaha ni mdaiwa mwaminifu kupita kiasi. Nilipoiweka alama sikuipa kikomo, na mfumo wenyewe usipoambiwa hauweki kikomo.

Je, Kisarawe ilikuwa imeacha kusoma tangu lini? Hilo sikuweza kuiuliza hifadhidata iliyolala. Ilibidi kwanza iamke, na ili iamke ilihitaji nafasi.

Hapa ndipo watu wengi huharibu. Folda ya gigabaiti 47 imejaa mafaili ambayo majina yake ni tarakimu tupu, nje kuna dereva anapiga honi, na mkono unakwenda wenyewe kwenye amri ya kufuta. Katika matoleo ya zamani folda hiyo iliitwa `pg_xlog`, na neno lile `log` liliwadanganya wasimamizi wengi kwamba ni kumbukumbu za kawaida, kama zile za makosa, ambazo mtu anaweza kuzifuta akitaka nafasi. Walifuta daftari la kaunta kabla halijahamishiwa kwenye leja, na hifadhidata zao hazikuamka tena. Katika toleo la 10, la mwaka 2017, watengenezaji walibadilisha jina kuwa `pg_wal` ili kupunguza ajali hizo. Kanuni ni fupi: usifute kitu kwa mkono ndani ya folda hiyo. Ondoa sababu ya mafaili kubaki, na mfumo utayafuta wenyewe.

Nikaiendea akiba ya `root`. Amri moja inapunguza asilimia tano kuwa moja, bila kuzima chochote:

```
tune2fs -m 1 /dev/sda2
```

Gigabaiti nne na ushei zikafunguka. Nikaiwasha hifadhidata, ikasoma daftari lake, ikamalizia palipobaki, na saa 3:31 ikawa macho. Sasa ningeweza kuuliza:

```
SELECT slot_name, active,
       pg_size_pretty(pg_wal_lsn_diff(
         pg_current_wal_lsn(), restart_lsn)) AS deni
FROM pg_replication_slots;

 slot_name | active | deni
-----------+--------+-------
 kisarawe  | f      | 46 GB
```

Ile `f` ina maana kwamba hakuna anayesoma. Na deni lilikuwa gigabaiti 46.

Siku 23

Nilipiga simu Kisarawe. Dada wa kaunta alikwenda kutazama, simu ikiwa sikioni, nikisikia mlango wa stoo ukifunguliwa.

"Kaka, ile mashine ndogo nyeusi? Ipo huku stoo, juu ya makopo ya rangi. Si tulipaka ofisi? Fundi aliichomoa asije akaichafua."

Ofisi ilipakwa rangi siku ya Jumamosi, wiki tatu na siku mbili kabla. Rangi ilipokauka, meza zilirudishwa, kompyuta ya kaunta ilirudishwa, feni ilirudishwa. Mashine ndogo nyeusi haikurudishwa kwa sababu hakuna aliyeikosa. Haina skrini, haichapi kitu, hakuna mteja aliyewahi kuisubiri. Kaunta ya Kisarawe iliuza kama kawaida kwa siku 23, maana huuza kupitia seva ya Kibaha. Chombo cha dharura kina tabia hiyo: kikiwepo hakionekani, na kikiondoka pia hakionekani.

Hesabu inakubali. Siku fundi alipochomoa waya, diski ya Kibaha ilikuwa na nafasi ya gigabaiti 46 na kidogo. Daftari lilikua kwa takriban gigabaiti mbili kila siku. Siku 23 mara mbili ni 46. Seva haikufa ghafla Jumatatu asubuhi. Ilianza kufa Jumamosi ile, na tarehe ya kifo ingeweza kusomwa na yeyote ambaye angetazama.

Lakini duka la saruji linazalishaje gigabaiti mbili za daftari kwa siku? Mauzo ya kutwa nzima hayafiki megabaiti 300. Nilipochunguza siku zilizofuata, mkosaji alikuwa ile kazi ya usiku inayopiga hesabu za stoo. Mwandishi wa programu aliifanya iandike upya kila mstari wa jedwali la bidhaa kwa matawi yote mawili, hata kwa bidhaa ambayo haijauzwa kwa mwaka mzima. Kwenye leja huoni tofauti, kwa kuwa idadi iliyoandikwa ni ile ile iliyokuwepo. Kwenye daftari, kila mstari ulioandikwa upya ni badiliko linalochukua nafasi. Tulipoibadilisha iguse mistari iliyobadilika tu, gigabaiti mbili zikashuka hadi megabaiti zipatazo 400 kwa siku.

Onyo lililokuwa kwenye sanduku

Swali la tatu lilikuwa gumu zaidi kwangu. Nani alipaswa kujua?

Mimi. Na niliweka kengele. Kulikuwa na kiprogramu kinachopima diski kila saa, na ikifika asilimia 95 kinatuma barua. Nilikwenda kukitazama nikiamini kwamba kimeharibika. Hakikuharibika. Kilifanya kazi yake tangu alfajiri ya Jumamosi, kila saa bila kuchoka, kikituma barua kwa `root` ndani ya seva ile ile. Barua zile zilikuwa zimekaa kwenye faili moja, `/var/mail/root`, ambalo sijawahi kulifungua tangu nilipoifunga seva. Onyo la kwamba diski inajaa lilikuwa linaandikwa kwenye diski inayojaa.

Tuseme zingenifikia simuni, zingesaidia? Kidogo tu. Asilimia tano za diski yetu ni gigabaiti tano na nukta. Kwa kasi ya gigabaiti mbili kwa siku hizo ni siku mbili na nusu. Kazi ya usiku ya kuamkia Jumamosi ilipokwisha zilibaki nne, ya kuamkia Jumapili mbili, na ya kuamkia Jumatatu ilibakisha makombo ambayo mauzo ya asubuhi yaliyamaliza kwa dakika saba. Kengele ililia mwishoni mwa wiki, ofisi ikiwa imefungwa. Asilimia haisemi chochote bila kasi. Diski iliyojaa kwa asilimia 95 na haiongezeki inaweza kukaa hivyo mwaka mzima. Iliyofika asilimia 60 na inakula gigabaiti kumi kwa siku ni dharura.

Nilijifariji kidogo kwa kukumbuka kwamba wakubwa wamepita njia hii hii. Mwishoni mwa Januari 2017 kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za watengenezaji programu duniani kote, ilipoteza takriban saa sita za data za wateja wake baada ya mhandisi kufuta folda ya hifadhidata kwenye seva isiyo sahihi, akihangaika na nakala ya PostgreSQL iliyokuwa imebaki nyuma. Walipokimbilia nakala za kila siku walikuta hazipo. Kazi ya kuzitengeneza ilikuwa inashindwa kwa sababu ya matoleo mawili yasiyolingana, na barua za kuwajulisha zilikuwa zinakataliwa njiani kwa kukosa uthibitisho wa mtumaji. Waliandika yote hayo hadharani. Barua zao zilikwama mlangoni, zangu zilikwama ndani, na kilichotupata ni kimoja: hakuna aliyewahi kuijaribu kengele kuona kama inasikika.

Na Agosti 29, 2023, Toyota ilisimamisha viwanda vyake vyote 14 vya kuunganisha magari nchini Japani. Mfumo wa kuagiza vipuri ulikuwa umelala. Katika maelezo waliyotoa wiki iliyofuata walisema kwamba siku mbili kabla kulikuwa na matengenezo ya kupanga na kufuta data kwenye hifadhidata, nafasi ya diski ikaisha katikati ya kazi, na mfumo ukasimama. Seva za akiba hazikusaidia kwa kuwa zilikuwa kwenye mfumo ule ule, zikapatwa na tatizo lile lile. Kwao akiba iliumwa pamoja na mwenye nyumba. Kwetu akiba ndiyo iliyomwambukiza.

Risiti mbili zisizo na ankara

Saa 4:12 nililifuta deni:

```
SELECT pg_drop_replication_slot('kisarawe');
CHECKPOINT;
```

Baada ya sekunde chache diski ilikuwa na nafasi ya gigabaiti 50. Mkurugenzi aliuliza kama tufungue kaunta. Nikamwomba asubiri, na ripoti inaeleza kwa nini, maana kipindi cha kusubiri kilikuwa kirefu kuliko kile cha kutengeneza.

Kwanza nilichukua nakala kamili ya hifadhidata kwenye diski ya nje. Kwa wakati ule nakala ya Kisarawe haikuwepo tena, na kama kitu kingine kingetokea tusingekuwa na pa kurudi. Hiyo ilikula karibu saa nzima.

Pili, kulikuwa na ile risiti ya saruji. Programu yetu hutuma mauzo kwenye mashine ya EFD kwanza, na ikishapata namba ya risiti ndipo inaandika ankara kwenye hifadhidata. PostgreSQL haiandiki ankara nusu. Ama yote imo, ama haimo. Kwa hiyo sikuwa na hofu ya ankara iliyokatika katikati. Hofu yangu ilikuwa risiti halali, iliyokwisha kusajiliwa kodini, ambayo hifadhidata haina habari nayo. Tulichukua orodha ya risiti za asubuhi kutoka kwenye mashine za EFD za matawi yote mawili, tukazilinganisha na ankara moja moja. Zikapatikana mbili: mifuko 200 ya Kibaha, na mabati ya Kisarawe yaliyouzwa dakika ile ile.

Njia ya haraka ingekuwa karani ayaandike mauzo hayo upya kama mapya. Programu ingetuma tena kwenye EFD, risiti ya pili ingetoka, na kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, ingehesabiwa mara mbili kwa saruji ile ile. Mwisho wa mwezi mhasibu angebaki na mauzo hewa. Tuliziingiza ankara zote mbili kwa mkono moja kwa moja kwenye hifadhidata, tukiandika namba za risiti zilizokwisha kutoka, karani akisoma na mimi nikichapa, kisha tukabadilishana. Saa 5:40 kaunta ikafunguliwa na Fuso ikatoka getini.

Nilipojumlisha dakika, matokeo hayakunipendeza. Dakika 18 zilipita kabla sijaambiwa. Ishirini na tano nilikuwa njiani, mbili nilizubaa, 13 nilizipoteza kwa kuzima na kuwasha. Kutoka kusoma mstari wa kosa hadi hifadhidata kuamka zilikuwa dakika 26 tu. Zilizobaki zote zilikwenda kwenye kutafuta chanzo, kuchukua nakala na kulinganisha risiti. Hizo za mwisho sizijutii.

Nani aliichomoa?

Mkurugenzi alisoma ripoti na kuniuliza swali moja: "Huyo fundi rangi ni wa nani?"

Sikumwandika fundi kama chanzo, na nilimweleza sababu. Fundi alifanya jambo la busara: aliona kifaa cha umeme karibu na ndoo ya rangi, akakiondoa. Tukimfukuza yeye, mwezi ujao kitachomolewa na mfagiaji, au umeme utakatika Kisarawe kwa siku kadhaa, na Kibaha itajaa vile vile. Mfumo unaoanguka kwa sababu waya mmoja umechomolewa katika wilaya nyingine ulikuwa umeshaanguka. Ulikuwa unasubiri tarehe. Aliyeweka deni lisilo na kikomo ni mimi. Aliyeacha mashine bila hata kibandiko cha jina ni mimi. Hayo niliyaandika, kwa jina langu.

Tulichobadilisha ni vitu vichache. Deni sasa lina kikomo, kitu ambacho PostgreSQL imekiruhusu tangu toleo la 13:

```
ALTER SYSTEM SET max_slot_wal_keep_size = '10GB';
SELECT pg_reload_conf();
```

Kikomo hiki kina gharama. Kisarawe ikilala hadi deni lipite gigabaiti kumi, Kibaha itachana kurasa, na nakala ya Kisarawe itakuwa imeharibika hadi itengenezwe upya. Nilimweleza mkurugenzi achague: kupoteza akiba au kupoteza asubuhi ya mauzo. Alichagua kupoteza akiba. Kwa megabaiti 400 kwa siku, kikomo hicho kinatupa wiki tatu na zaidi kabla ya uchaguzi huo kutukia.

Kengele sasa haipimi asilimia. Inagawanya nafasi iliyobaki kwa kasi ya siku saba zilizopita, na zikibaki siku 14 inatuma ujumbe wa simu kwangu na kwa mhasibu. Inatuma pia ikiwa `kisarawe` haijasoma kwa saa moja. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi naifanya ilie kwa makusudi, na mhasibu asiponiambia kwamba imelia, nafuatilia. Akiba ya `root` nimeirudisha kwenye asilimia tano. Na kila Ijumaa jioni karani anachapa orodha ya bei na kuiweka kwenye droo ya kaunta, ili siku programu ikilala mteja wa taslimu ahudumiwe kwa kubonyeza EFD kwa mkono.

Kuhusu mashine ya Kisarawe, ilihitaji kunakili leja nzima upya. Kwa intaneti yetu ya megabiti tano kwa sekunde, gigabaiti 19 zingechukua zaidi ya saa nane, kama isingekatika. Nikaenda kuichukua, nikaileta Kibaha, ikanakili kwa waya wa ofisini kwa muda mfupi, nikairudisha siku hiyo hiyo. Nilipoichomeka nilibandika juu yake karatasi yenye maneno niliyopaswa kuyaandika mwaka mmoja kabla: *Hii ni nakala ya seva ya Kibaha. Ukiizima, piga simu.* Chini yake namba mbili.

Miezi miwili baadaye simu iliita saa nne usiku. Alikuwa mlinzi wa Kisarawe, ambaye sijawahi kuongea naye. Umeme ulikuwa unacheza, alisema, na ameona bora aizime ile nyeusi hadi asubuhi, na karatasi inasema apige. Nilimshukuru, nikafungua kompyuta, nikatazama deni likianza kuhesabu. Asubuhi lilikuwa bado dogo. Mlinzi alipoichomeka, lililipwa ndani ya dakika 12.